Kurasa zilizopinda kwenye picha za kitabu: dalili, chanzo na dawa kabla ya kutafsiri

Programu ya kusoma maandishi kwenye picha haina aibu. Ukiipa ukurasa uliopinda haitakuambia imeshindwa. Itakutolea maneno, mengi yakiwa sahihi, nawe utayapeleka moja kwa moja kwenye tafsiri. Tafsiri nayo itasomeka vizuri kabisa, kumbe mwisho wa mstari mmoja umebaki ndani ya mgongo wa kitabu na mwisho wa mwingine umehamia mstari wa chini yake. Kosa la aina hiyo ni rahisi kulikamata kwenye picha, na ni gumu mno kulikamata likishageuka kuwa Kiswahili fasaha.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Ni kitabu cha Kijerumani cha kilimo, cha aina zilizotoka enzi za kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902. Kina jalada gumu, kimeshonwa kwa uzi, na ukurasa wake unakaribia A5, yaani sentimita 15 kwa 21. Kila ukurasa una mistari 38 ya herufi za kawaida. Maktaba haikiazimishi, kwa hiyo umekipiga picha mezani kwa simu yenye kamera ya megapikseli 12, kurasa mbili kwa mpigo, simu ikiwa kama sentimita 30 juu ya kitabu.

Kwanza jua ni upotofu gani

Watu husema "picha imekaa vibaya" kwa mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Fungua picha kwenye kompyuta, chukua ukingo wa karatasi, uuweke kwenye kioo chini ya mstari wa kwanza wa maandishi, halafu wa katikati, halafu wa mwisho.

Kama mistari yote mitatu imeinama upande mmoja kwa kiasi kilekile, kitabu kilikuwa kimekaa mshazari. Huo ndio upotofu mwepesi kuliko yote: unazungusha picha, basi. Kama kila mstari umenyooka lakini wa juu unainamia huku na wa chini kule, au kingo mbili za pembeni zinasogeleana kuelekea juu, simu ilikuwa imeinama. Hapo unahitaji kuvuta pembe nne za ukurasa mpaka ziwe mstatili. Lakini kama mstari unakwenda sawa, kisha unapokaribia mgongo wa kitabu unajikunja, na wa juu unajikunja kinyume cha wa chini, hilo ni tatizo la karatasi yenyewe kupinda. Kuzungusha hakutasaidia, kuvuta pembe hakutasaidia.

Picha nyingi za vitabu vinene zina yote matatu kwa pamoja. Hapo watu hupoteza jioni nzima wakizungusha picha nyuzi moja kushoto, nusu nyuzi kulia, wakati mpindo haupo kwenye pembe yoyote. Amri kama hii ya programu ya ImageMagick, kwa mfano, hutafuta pembe moja tu ya picha nzima:

```
magick 046.jpg -auto-orient -deskew 40% +repage 046.png
```

Ni amri nzuri kwa ukurasa bapa uliokaa mshazari. Kwa ukurasa uliopinda, hupata wastani wa mstari ulionyooka na mkia wake uliojikunja, ikauzungusha ukurasa mpaka hata sehemu iliyokuwa sawa ikaharibika. (Hilo neno `-auto-orient` lisiachwe. Simu nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala na kuandika pembeni kwamba isimamishwe, na si kila programu huyasoma maelezo hayo.)

Dalili: nusu ya sentensi imetoka mstari mwingine

Unasoma matokeo, kila neno lipo katika kamusi, lakini sentensi inaanza na mvua za masika na kuishia na bei ya miche. Ukirudi kwenye picha unaona mstari wa nne umeanza vizuri na kumalizikia kwa maneno ya mstari wa tatu.

Chanzo ni hesabu ndogo. Karatasi karibu na mgongo iko chini kuliko katikati ya ukurasa, tuseme kwa sentimita moja na nusu. Kitu kilicho mbali zaidi na kamera huonekana kidogo na husogea kuelekea katikati ya picha. Ndiyo maana mistari ya juu hushuka inapofika mgongoni, ya chini hupanda, na ule ulio usawa wa lenzi hubaki umenyooka. Kwa simu iliyo sentimita 30 juu, mstari ulio sentimita 10 kutoka katikati ya picha utahama karibu milimita 5 pale mwishoni. Katika kitabu chetu nafasi kutoka mstari hadi mstari ni milimita nne na nusu. Maana yake ni kwamba mkia wa mstari umekaa hasa pale ambapo programu inautarajia mstari unaofuata.

Kwa hesabu hiyohiyo, kuinua simu hadi sentimita 60 kunapunguza uhamaji huo kwa nusu. Ushauri wa "piga kutoka mbali" unatokana na hapo, na ni wa kweli, ila una gharama yake. Kamera kuu ya simu ya kawaida, ikiwa sentimita 30 juu, huona eneo la kama sentimita 40 kwa upande mrefu. Pikseli 4,000 zikigawanywa humo ni 100 kwa kila sentimita, sawa na pikseli 250 hivi kwa inchi, yaani dpi 250, kiasi kinachotosha. Ukipanda hadi 60 zinabaki 50, na herufi kubwa ya milimita mbili na nusu inapata pikseli 12 tu kwa urefu. Programu za kusoma maandishi hupenda ipate 20 hadi 30. Kwa hiyo panda juu tu kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvutia mbali. Kuvuta kwa vidole kwenye kioo hakuongezi chochote. Ni kuikata picha na kuitanua.

Kwa wengi wetu dawa bora ni kuibana karatasi badala ya kuikimbia. Kioo cha fremu ya picha cha milimita 3, kingo zake zimefunikwa kwa utepe wa karatasi zisikate mtu wala kurarua kitabu, kikilazwa juu ya ukurasa hupunguza kile kina cha sentimita moja na nusu hadi milimita chache. Uhamaji unashuka kutoka milimita 5 hadi moja hivi, na hujapoteza pikseli hata moja. Kioo kitakuletea mng'ao, lakini mng'ao unatibika: zima flashi na taa iliyo juu ya kichwa, weka mwanga upande mmoja au miwili ukija kwa mshazari, na vaa nguo nyeusi, maana shati jeupe huonekana humo waziwazi. Muulize mkutubi kwanza. Kitabu ambacho gundi yake imekauka hakikandamizwi na kioo.

Dalili: mstari wa kwanza umefyekwa kichwa, lakini katikati tu

Hii ni dalili ya watu wanaotumia programu za simu za "kuskani", zile zinazotafuta pembe nne za karatasi zenyewe. Pembe zimepatikana barabara, picha imetoka nyeupe na safi, ila sehemu ya juu ya mstari wa kwanza imekatika katikati ya ukurasa huku miisho yake miwili ikiwa salama.

Programu hiyo imechora mstari mnyoofu kutoka pembe hadi pembe, kumbe ukingo wa juu wa ukurasa uliopinda si mnyoofu. Umevimba kwenda juu. Uvimbe ule ukapita juu ya mstari wa kukatia. Ukiwa na bahati umekata pambizo tupu. Ukiwa na kitabu chenye pambizo nyembamba umekata maandishi, na ukiwa umefuta picha ya awali ndiyo basi.

Kwa sababu hiyo napendelea kamera ya kawaida ya simu kwa kazi ya kitabu, hata kama matokeo yake yanatia huruma kuyatazama. Piga ukurasa mzima na uache kidole kizima cha meza pande zote. Kupunguza kingo kuna zamu mbili. Mwanzoni unakata kwa ulegevu, kuondoa meza na ukurasa wa jirani tu. Mpindo ukishanyooshwa ndipo unakata kwa kubana kufuata maandishi. Anayebana kwanza hunyoosha kilichokwisha kukatwa.

Dalili: herufi za karibu na mgongo zimebanana, au hazipo

Hapa kuna mpaka ambao hakuna programu inayouvuka. Karatasi inayozama mgongoni kwa mwinuko wa nyuzi 60 huonekana kwa nusu tu ya upana wake. Neno lililopaswa kupata pikseli 200 limepata 100. Programu ya kunyoosha italitanua mpaka lionekane na upana wake wa kawaida, lakini imetanua ukungu. Tofauti kati ya "m" na "rn" haikuwahi kufika kwenye kamera. Na kama herufi zimezama kabisa nyuma ya mpindo, hakuna cha kutanua.

Madhara yake kwa mtafsiri ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Ukurasa wenye namba shufwa uko kushoto, kwa hiyo mgongo uko kuliani kwake, na kinachozama ni miisho ya mistari. Kijerumani kina tabia ya kuweka neno la kukanusha mwishoni. Chukua sentensi kama *Die Pflanzen vertragen Schatten nicht*: mimea hii haivumilii kivuli. Hilo *nicht* likiangukia mwisho wa mstari na kuzama mgongoni, unabaki na sentensi kamili, sahihi kisarufi, inayosema mimea huvumilia kivuli. Mkulima ataambiwa apande chini ya miembe. Wala si mkanusho tu. Kistari kinachogawa neno mwishoni mwa mstari hupotea hivyohivyo, na neno moja likageuka vipande viwili ambavyo mtafsiri atahangaika kuvipatia maana.

Dawa ni kupiga upya, kwa namna nyingine. Usikifungue kitabu bapa. Kifungue kama nyuzi 100, jalada la upande mmoja lilale mezani na la upande wa pili liegemee boksi zito au rundo la vitabu. Sasa ukurasa uliolala mezani uko karibu bapa mpaka kwenye mshono, na kitabu chenyewe hakiumii. Piga kurasa zote za kushoto, kisha geuza kitabu upige zote za kulia. Kila kundi liwe na folda yake, na majina ya faili yafuate namba iliyochapwa kwenye ukurasa: 046, 048, 050. Ukiacha majina ya simu, kuzipanga kurasa 300 za makundi mawili ni adhabu.

Kabla ya kurudi maktaba, kagua kwanza ni kurasa zipi hasa. Mzamo wa mgongoni haulingani kila mahali, kwa hiyo huenda zinazodai kupigwa upya si zote. Uwazi pia hutofautiana ndani ya kitabu kimoja: pale ambapo uzi unaonekana, katikati ya kila fungu la karatasi, ukurasa hufunguka zaidi kuliko pale mafungu mawili yanapokutana.

Ukurasa wa 46, hatua kwa hatua

Tuseme picha imepona, herufi zote zinasomeka, ila mistari imepinda. Nitatumia ScanTailor Advanced kwa sababu ni ya bure, inakwenda kwenye Windows na Linux, na hatua zake zimepangwa kwa mfuatano unaofaa.

Ukiingiza picha za simu itasimama na kuuliza dpi, kwa kuwa namba iliyoandikwa ndani ya picha za simu haina maana. Usijibu kwa kubahatisha. Pima: ukurasa wa sentimita 21 umechukua pikseli 2,100 kwenda juu, hivyo ni pikseli 100 kwa sentimita, mara 2.54 ni 254. Andika 254 pande zote mbili. Ukiandika 72, programu itaona ukurasa wako ni mkubwa kama bango na makadirio yake yote yataharibika.

Kwenye `Split Pages` sogeza mstari wa kugawia hadi katikati kabisa ya bonde la mgongo. Unaweza kuuinamisha. Kwenye `Deskew` usiiachie programu iamue. Mikia iliyopinda huidanganya kama tulivyoona. Zungusha mwenyewe ukitazama mstari wa katikati ya ukurasa, ule ambao haujapinda. Kwenye `Select Content` vuta kisanduku kiwe kipana kuliko kilivyopendekezwa, hasa upande wa mgongo, maana kivuli cha pale huifanya programu idhani maneno ya mwisho ni uchafu.

Kazi yenyewe iko kwenye `Output`. Tafuta `Dewarping`, chagua `Auto`, kisha fungua kichupo cha `Dewarping` kilicho pembeni mwa picha. Utaona wavu umetandazwa juu ya ukurasa. Swali ni moja tu: je, mistari ya wavu inafuata mistari ya maandishi? Kwenye ukurasa uliojaa maandishi tupu mara nyingi inafuata. Kwenye ukurasa wa 46 haikufuata, na sababu ilionekana: juu kuna kichwa cha sura chenye maneno mawili, chini kuna jedwali. Programu hutafuta mistari mirefu ya maandishi ili ijue karatasi imepindaje, ikikosa, inakisia.

Hapo unaushika mkunjo wa juu wa wavu na kuushusha mpaka ulale juu ya mstari wa kwanza mrefu wa aya, sio kichwa cha sura wala ukingo wa karatasi. Bofya juu ya mkunjo kuongeza nukta ya kuvutia, na weka nukta nyingi pale karatasi inapoanza kuzama, kwa sababu sehemu bapa haizihitaji. Fanya vivyo hivyo kwa mkunjo wa chini, ukiulaza kwenye mstari wa mwisho mrefu unaoupata. Mistari ya katikati ya wavu itajipanga yenyewe. Maneno ya karibu na mgongo yakibaki membamba kuliko mengine, sogeza `Depth Perception` kidogo kidogo mpaka upana wa herufi ulingane pande zote mbili za ukurasa.

Kama mpindo wa mstari wa juu na wa chini vyote vimefuatwa na katikati bado kuna mstari unaocheza, basi karatasi ina mkunjo wa ziada, labda kona iliwahi kukunjwa au unyevu umeipandisha. Wavu hudhani karatasi imepinda kama sehemu ya mtungi, kwa namna ileile toka juu hadi chini. Karatasi yenye mawimbi hainyooki hapo. Inarudi chini ya kioo.

Dalili: ukurasa umenyooka lakini nukta zimepotea

Ukurasa ni mweusi na mweupe, mistari imelala kama imepigwa rula, halafu matokeo yanasema *konnte*, aliweza, mahali pa *könnte*, angeweza. Mpindo hauna hatia. Mara nyingi ni usafishaji wa madoa, `Despeckling`, uliowekwa juu sana na kuzichukua nukta za juu ya herufi kama vumbi. Kwa picha ndogo kama zetu uweke chini kabisa au uuzime. Kwenye vitabu vya Kiswahili kilio kama hicho hutokea kwenye "ng'", inayobaki "ng" tupu.

Kama tatizo ni mkanda mweusi kando ya mgongo unaomeza herufi, hicho ni kivuli. Washa `Equalize Illumination`, ikishindwa, toa ukurasa huo kwa rangi ya kijivu badala ya nyeusi na nyeupe.

Kipimo kabla ya kutafsiri

Soma ukurasa kwa amri hii ya Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha, namba 6 ikimaanisha iuchukulie ukurasa kama aya moja nzima, isijitafutie safu:

```
tesseract 046.tif 046 -l deu --psm 6
```

Halafu hesabu mistari ya maandishi uliyopata. Ukurasa una 38. Ukipata 41, kuna mikia iliyokatika na kujitegemea, na ukipata 36, kuna iliyoungana. Idadi ikilingana, bado usitulie. Fungua picha ya awali, ile ya simu, sio iliyonyooshwa, ulinganishe neno la mwisho la kila mstari upande wa mgongo na lile lililo kwenye maandishi. Kwa kurasa za kulia unalinganisha neno la kwanza. Katikati ya mstari pasikushughulishe. Matatizo ya mpindo hayaanzii huko. Neno lisilosomeka liandike kwenye mabano ya mraba kama pengo, [...], ili mtafsiri alione, kwa sababu akipewa sentensi iliyofungwa vizuri hatarudi kuangalia picha.

Namba ya ukurasa na kichwa kinachojirudia juu yake viondoe kwenye maandishi katika hatua hii. Sentensi inayovuka kutoka ukurasa wa 46 kwenda 47 ikikatwa katikati na jina la sura, utapata tafsiri mbili za nusu sentensi. Namba ya ukurasa iko tayari kwenye jina la faili.